Bima Imekataa Kulipia Nyumba ya Makuti: Fupisha Hati Yako Kabla Hujajibu Barua

Makuti yakishika moto wakati wa kaskazi hayakupi nafasi ya kuchota ndoo ya pili. Wenye nyumba za wageni wa Watamu, Mayungu na Mambrui wanalijua hilo, ndiyo maana wengi wao hukata bima ya moto hata kama ada yake ni kubwa kuliko ya nyumba ya mabati. Kisha siku moja moto unakuja, madai yanapelekwa, na baada ya wiki kadhaa inafika barua inayoanza na masikitiko na kuishia na nambari za vifungu.

Hapo watu wengi hufanya moja kati ya mawili. Ama humpigia wakala simu na kumkaripia, ama huikunja barua na kuitia kabatini mpaka hasira zitulie. Njia zote mbili zinakula siku, na ndani ya hati ya bima kuna siku zinazohesabiwa wakati wewe umenyamaza.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuitoa hati yenye kurasa 20 au 30 na kuiweka kwenye karatasi moja unayoweza kuisoma mwenyewe, kumwonyesha wakili, au kuiambatanisha na malalamiko. Nimechukua bima ya moto ya nyumba za makuti kwa sababu ndiyo inayozua mabishano mengi pwani hii. Hati hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hiyo siku na maneno utakayoyasoma hapa ni yale yanayopatikana sana. Yako uyatoe kwenye hati yako.

Kwa nini ufupishe, na si kujibu tu

Barua ya kukataa imeandikwa na mtu aliyechagua vifungu vinavyomfaa. Hana wajibu wa kukutajia vile vinavyokufaa wewe. Tena barua hiyo huchanganya mambo ya aina tatu kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kila moja lina jibu lake:

*Yasiyofidiwa* yanahusu chanzo cha hasara. Swali ni: moto ulitoka wapi? Kwa kawaida ya sheria ya bima, wewe unatakiwa kuonyesha kwamba hasara imetokana na janga lililotajwa, yaani moto. Kampuni ikisema moto huu ni wa aina isiyofidiwa, mzigo wa kuthibitisha hugeukia kwake. Angalia lakini: baadhi ya hati zina sentensi inayourudisha mzigo huo kwako. Ukiiona, ipigie mstari mwekundu.

*Masharti* yanahusu mwenendo wako. Je, ulibadilisha matumizi ya nyumba? Uliiacha tupu? Ulipika chini ya makuti baada ya kuahidi kwamba hutapika? Hapa chanzo cha moto huenda kisiwe na maana kabisa, na hilo ndilo linalowashangaza watu. Waweza kuvunja sharti lisilohusiana na moto na bado ukaambiwa bima ilikuwa imelala siku hiyo.

*Wajibu wa kutoa taarifa* unahusu saa na kalenda baada ya moto: ulimwambia nani, lini, kwa njia gani, na karatasi zilifika siku ya ngapi. Hapa hata mwenendo wa kampuni yenyewe unahesabika.

Ukimjibu mtu wa kampuni kuhusu chanzo cha moto wakati yeye anazungumzia sharti, mtapishana kama madau mawili usiku.

Hatua ya 1: Kusanya karatasi zote, si hati peke yake

Kijitabu kilichochapishwa ni sehemu tu ya mkataba. Kabla ya kuandika neno lolote, weka mezani haya:

☐ Fomu ya maombi uliyojaza mwanzo (kama huna nakala, iombe kwa maandishi)
☐ Hati yenyewe, yaani kijitabu chenye vifungu
☐ Jedwali, ile karatasi yenye jina lako, mali, viwango na tarehe
☐ Karatasi zote za nyongeza, hata zile za mwaka uliopita
☐ Risiti ya ada ya bima na notisi ya kuhuisha
☐ Fomu ya madai na kila barua, barua pepe na ujumbe wa simu baada ya moto
☐ Nambari ya OB na abstrakti ya polisi, pamoja na ripoti ya zimamoto kama walifika
☐ Ripoti ya asesa, yaani mtathmini wa hasara, kama unaweza kuipata
☐ Barua ya kukataa, pamoja na bahasha au barua pepe inayoonyesha siku iliyokufikia

Risiti ina uzito wake. Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kimejengwa juu ya kanuni kwamba kampuni haibebi hatari kabla ada haijalipwa. Kama barua inasema hukulipa, suala hilo limalize kwanza. Mengine yote yanasimama juu yake.

Hatua ya 2: Soma kwa mpangilio huu

Usianze ukurasa wa kwanza. Anza na barua, uandike kila sababu iliyotajwa na nambari ya kifungu chake. Kisha nenda kwenye jedwali, halafu karatasi za nyongeza, na mwisho ndiyo kijitabu. Sababu yake ni kwamba kijitabu kilichapwa kwa ajili ya kila mtu, lakini jedwali na nyongeza ziliandikwa kwa ajili yako. Zikigongana, kilichoandikwa mahususi kwa kawaida hushinda kilichochapwa kwa jumla. Na maneno yenye maana mbili, yasiyoweza kuamuliwa kwa kusoma mkataba mzima, hufasiriwa dhidi ya aliyeyaandika, naye ni kampuni.

Hati nyingi ni za Kiingereza. Ukifasiri, nakili kwanza maneno yenyewe kama yalivyo, kisha uandike tafsiri yako chini yake. Nimewahi kuketi na mzee mmoja ambaye kijana wake alikuwa amefasiri «haraka iwezekanavyo» kuwa «mara moja», na mzee akaamini kwamba ameshashindwa. Hakuwa ameshindwa.

Hatua ya 3: Chora karatasi yenye safu nne

Geuza karatasi ilale. Safu ya kwanza: sababu ya kampuni na nambari ya kifungu. Ya pili: aina yake (kisichofidiwa, sharti, au taarifa). Ya tatu: maneno kamili ya kifungu, pamoja na nyongeza yoyote inayoyabadilisha. Ya nne: ulichonacho mkononi, yaani tarehe, picha, shahidi, risiti. Usiandike hasira kwenye safu ya nne. Andika kitu kinachoweza kuonyeshwa.

Njia hii haieleweki mpaka uione inafanya kazi. Huu hapa mfano nilioutunga kutokana na mambo ya kawaida ya huku kwetu.

Mfano: mabanda matatu ya Mayungu

Mama mmoja ana mabanda matatu ya wageni, kuta za matumbawe, nguzo za mivinje, paa za makuti. Tuyaite A, B na C. Kila banda limekatiwa bima ya shilingi 1,200,000. Banda A alilifunga tarehe 20 Januari ili liezekwe upya, fundi akachelewa kupata makuti. Tarehe 12 Machi, jirani aliyekuwa akifyeka na kuchoma shamba kabla ya masika aliponyokwa na moto. Upepo ukauleta. A na B yakateketea, C likaungua paa na samani.

Siku hiyo hiyo alimpigia wakala. Tarehe 17 Machi aliandika barua pepe kwa kampuni. Tarehe 20 Machi kampuni ikamtuma asesa. Tarehe 2 Aprili akapeleka orodha kamili ya vilivyoungua. Tarehe 9 Aprili kampuni ikamwomba risiti za samani. Tarehe 6 Mei ikakataa madai yote kwa sababu tatu.

*Sababu ya kwanza: moto wa kusafisha shamba haufidiwi.* Hii ni aina ya «kisichofidiwa». Hati nyingi za moto za mtindo wa zamani zina kifungu kinachotoa nje hasara inayotokana na kuungua kwa misitu na vichaka na kusafisha ardhi kwa moto, iwe kwa bahati mbaya au vinginevyo. Kwa mkulima wa Ganda au Kakuyuni kuchoma shamba ni kazi ya kila mwaka. Kwa bima ni tundu kubwa. Akisoma kijitabu peke yake, mama huyu amekwisha.

Lakini kwenye jedwali lake kuna orodha ya majanga ya ziada aliyoyalipia: mafuriko, dhoruba, tetemeko, na moto wa vichaka. Karatasi ya nyongeza inasema wazi kwamba bima yake inafika hadi hasara ya moto inayosababishwa na kuungua kwa vichaka na kusafisha mashamba kwa moto. Kilichotolewa kwa mkono wa kushoto kimerudishwa kwa wa kulia. Aliyeandika barua alisoma kijitabu, hakusoma nyongeza. Hili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani, na si lazima iwe njama. Faili hubebwa na mtu mmoja hadi mwingine, na nyongeza hubaki kwenye faili la wakala.

Kama nyongeza ingesema «moto wa vichaka» tu bila kutaja mashamba, mama angekuwa na hoja, si ushindi. Hapo ndipo kanuni ya maneno yenye maana mbili ingemfaa.

*Sababu ya pili: nyumba ilikuwa tupu zaidi ya siku 30.* Hili ni «sharti». Hati nyingi za moto husema kwamba jengo likikaa bila mtu kwa zaidi ya siku 30 bila idhini ya kampuni, bima husimama. Sharti hili ni mtego kwa pwani yetu, ambako mabanda mengi hufungwa baada ya Pasaka na kufunguliwa Julai. Kutoka 20 Januari hadi 12 Machi, kwa mwaka wa kawaida, ni siku 51. Hakuna la kubishana juu ya hesabu hiyo.

Sasa soma mwisho wa kifungu. Kwenye hati yake, kama zilivyo nyingi, kimeandikwa kwamba bima husimama *kwa mali iliyoathirika na mabadiliko hayo*. Lililokuwa tupu ni A. Katika B na C walikuwamo wageni, na daftari la wageni lipo. Sharti hili basi linaweza kuliondoa banda A, lakini haliwezi kubeba B na C. Kampuni ilikataa yote kwa kosa la moja.

Na A lenyewe? Aangalie kama alimjulisha mtu yeyote wa kampuni kwamba banda limefungwa, na kama mlinzi au fundi alikuwa akilala humo. Maana ya «tupu» hubishaniwa: fundi aliyelala ndani huenda akatosha, mlinzi aliyezunguka nje ya uzio huenda asitoshe. Kama hana kitu, ni bora aandike hivyo kwenye safu ya nne na kuweka nguvu zake kwenye B na C.

*Sababu ya tatu: taarifa ilichelewa.* Hati inataka mambo mawili tofauti, na barua iliyachanganya. Kwanza, taarifa ya moto itolewe bila kukawia. Pili, orodha ya hasara iliyoandikwa ipelekwe ndani ya siku 15, au muda zaidi ambao kampuni itakubali kwa maandishi.

Taarifa ya kwanza ilitolewa siku ile ile, lakini kwa wakala. Hapa uliza: je, huyo ni wakala au ni dalali wa bima? Wakala hufanya kazi kwa niaba ya kampuni, kwa hiyo kumwambia yeye kwaweza kuhesabiwa kuwa umeiambia kampuni. Dalali kwa kawaida ni mtu wako wewe, na kumwambia yeye ni kama kujiambia mwenyewe mpaka aipeleke taarifa mbele. Mjini Malindi wote huitwa «mtu wa bima», kwa hiyo angalia leseni yake au jinsi alivyotajwa kwenye jedwali. Tena, kama hati inataka maandishi, simu haitoshi. Kwa bahati barua pepe ya 17 Machi ipo, siku tano baada ya moto.

Orodha ya hasara ndiyo iliyochelewa kweli: siku 21 badala ya 15. Lakini tazama ilivyofanya kampuni. Wakati siku 15 zilipokuwa hazijaisha, ilimtuma asesa. Baada ya orodha kufika kwa kuchelewa, haikusema «umechelewa», bali ilitaka risiti za samani. Kampuni inayoendelea kushughulikia madai huku ikijua kuna kasoro inaweza kuambiwa kwamba imeisamehe kasoro hiyo. Hoja hiyo hudhoofika kama barua ya 9 Aprili au fomu ya asesa ilikuwa na sentensi ya kwamba uchunguzi unafanywa bila kuathiri haki za kampuni. Tafuta sentensi hiyo kabla hujajenga juu ya hoja hii. Mara nyingi huwa chini kabisa, kwa herufi ndogo, pale uliposaini.

Hatua ya 4: Hesabu kinachostahili kulipwa, si unachotamani

Nyumba ya makuti hukatiwa bima leo kwa bei ya juzi. Hati nyingi zina sharti la uwiano: kama kiwango cha bima ni kidogo kuliko gharama halisi, unabeba sehemu ya hasara mwenyewe.

Turudi kwa mama wa Mayungu. Kujenga upya kila banda kungegharimu shilingi 1,600,000, na bima ni 1,200,000, yaani robo tatu. Banda B liliteketea lote, hasara ni 1,600,000. Robo tatu yake ni 1,200,000, ambayo pia ndiyo kikomo. Banda C liliharibika kwa 800,000, na robo tatu yake ni 600,000. Jumla ya B na C ni shilingi 1,800,000, kabla ya kuondoa kile kiasi cha kwanza ambacho jedwali linasema ubebe mwenyewe. Ukidai zaidi ya hapo bila maelezo, utaonekana hujasoma hati yako.

> TAHADHARI
>
> Usibadilishe tarehe, usitafute risiti ya kubuni, usiongeze televisheni isiyokuwapo. Hati nyingi zina sharti la udanganyifu linalofuta madai *yote*, hata sehemu ya kweli. Mtu mwenye haki ya milioni moja hupoteza yote kwa ajili ya friji.
>
> Usisaini karatasi ya kumaliza madai kwa sababu umepewa hundi ya sehemu. Kwa saini hiyo huwa umesema hudai tena.
>
> Usibomoe magofu wala kuezeka upya kabla asesa hajaona, au kabla hujapiga picha kila pembe na kuandika kwamba umesubiri.

Hatua ya 5: Weka tarehe za mwisho juu ya karatasi, kwa wino mzito

Hapa ndipo madai mazuri hufia. Mtu husikia kwamba kesi ya mkataba nchini Kenya ina miaka sita chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, akalala. Lakini hati yenyewe inaweza kuwa na muda mfupi zaidi. Tafuta sentensi mbili. Moja husema kwamba madai yakikataliwa na hukufungua kesi au usuluhishi ndani ya muda fulani, miezi mitatu kwenye baadhi ya hati na 12 kwenye nyingine, umepoteza haki. Nyingine huhesabu miezi 12 kutoka siku ya hasara.

Kama hati ya mama yetu ina miezi mitatu tangu kukataliwa, mwisho wake ni 6 Agosti. Kama ina ile nyingine pia, 12 Machi ya mwaka unaofuata ni ukuta wa pili. Achukue ule wa karibu. Wakili anaweza kuupinga muda mfupi kama huo, lakini ni afadhali asiwe na haja ya kuupinga.

Tafuta pia kifungu cha usuluhishi. Kama kinasema tofauti zote ziende kwa msuluhishi, ukikimbilia mahakama ya Malindi kampuni inaweza kuomba kesi isimamishwe chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 1995. Vifungu vingine hupeleka kwa msuluhishi mabishano ya kiasi tu, na kama kampuni imekana wajibu wote, kifungu hicho huenda kisikuhusu.

Hatua ya 6: Andika barua fupi, kisha upande ngazi

1. Mwandikie meneja wa madai wa kampuni, si wakala peke yake. Kwa kila sababu yao toa aya moja: nambari ya kifungu, maneno yake, ushahidi wako. Ambatanisha karatasi yako ya safu nne.
2. Omba mambo mawili kwa jina: nakala ya ripoti ya asesa, na kifungu kamili wanachokitegemea kwa kila banda. Wape siku ya kujibu, kwa mfano siku 14.
3. Peleka kwa njia inayoacha alama. Ukiipeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.
4. Wakikataa tena au wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatanisha barua zote mbili. Usidhani kwamba kulalamika huko kunasimamisha siku zilizoandikwa kwenye hati.
5. Mwone wakili zikiwa zimebaki wiki sita, si siku sita. Kama unachodai hakizidi shilingi 1,000,000, muulize kama kinafaa kupelekwa kwenye Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016.

Aya ya mama wa Mayungu kuhusu sababu ya pili ingesomeka hivi:

«Kifungu chenu cha jengo tupu kinasimamisha bima kwa mali iliyoathirika. Banda A ndilo lililokuwa limefungwa. Mabanda B na C yalikuwa na wageni hadi siku ya moto, kama linavyoonyesha daftari la wageni, nakala imeambatanishwa. Naomba mnionyeshe maneno ya hati mnayoyategemea kukataa B na C.»

Makosa yanayorudiwa

Watu husahau ahadi. Kwenye jedwali la nyumba za makuti mara nyingi huwa na mistari miwili mitatu kuhusu vizimamoto kukaguliwa kila mwaka, nyaya za umeme kupita ndani ya mabomba, na kutowasha jiko chini ya paa. Hazikai pamoja na masharti mengine, ndiyo maana hazionekani. Ziandike kwenye karatasi yako hata kama barua haikuzitaja, kwa sababu kampuni inaweza kuzileta baadaye.

Wengine hujibu kwa simu, wakaahidiwa kwamba «tutaliangalia», na hawabaki na chochote cha kuonyesha. Baada ya kila simu andika barua pepe ya mistari mitatu: tumezungumza leo saa fulani, umesema hivi, nasubiri hivi.

Na kuna wanaofupisha mno. «Moto wa shamba haufidiwi» si muhtasari wa kifungu. Muhtasari wake ni: «Kifungu hiki kinatoa nje moto wa kusafisha ardhi, nyongeza inaurudisha ndani, na nyongeza ilikuwa hai tarehe 12 Machi kwa sababu risiti ya ada ni ya Desemba.»